Saa Imeandikwa 3 ATM, Usiogelee Nayo: Mwongozo Kamili wa Kusoma Kiwango cha Kustahimili Maji

Kosa ni lile lile kila mara. Mtu anageuza saa yake, anakuta mgongoni pameandikwa 30 M, anapiga hesabu kwamba bwawa halizidi mita mbili, anajitosa. Kesho yake kioo kina ukungu kwa ndani, na wiki haiishi mishale imeanza kushika kutu. Hesabu ya kina aliipata sawasawa. Alichokosea ni kudhani kwamba namba ile inataja kina anachoruhusiwa kufika.

Mwongozo huu ni wa saa ya kawaida ya mkononi, iwe ya betri au ya kutia ufunguo, na mkazo upo kwenye saa za kiwango cha chini: zile za 3 ATM na zile zisizo na namba kabisa. Saa nyingi zinazoingia maji ni za kundi hilo.

## Vitu vya kuandaa

- Taa yenye mwanga mkali, ikiwezekana tochi ndogo unayoweza kuilaza pembeni.
- Lenzi ya kukuzia, au kamera ya simu inayoweza kuvuta karibu.
- Mswaki laini uliokwisha kazi na kitambaa kisichoacha nyuzi.
- Kijitabu cha maelekezo kilichokuja na saa. Kama kimepotea, tafuta nakala yake kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa kutumia namba ya modeli iliyochongwa mgongoni.
- Kipimajoto cha maji, bakuli, kipande cha bati au mfuniko wa chuma unaokaa vizuri juu ya bakuli, na kijiko.

Usiandae bisibisi wala kisu. Hakuna hatua hata moja hapa inayokutaka ufungue saa, na ukiifungua bila vifaa vyake utakuwa umeharibu kile kile unachotaka kukikagua.

## Hatua ya 1: Soma mgongo wa saa, neno kwa neno

Vua saa, ifute, kisha piga mswaki mkavu kwenye mfuniko wa nyuma. Jasho na uchafu hujaza maandishi yaliyochongwa, na 3 iliyojaa uchafu husomeka kama 8. Laza tochi pembeni ili mwanga upite juu ya maandishi kwa mshazari; herufi hafifu hujitokeza zenyewe.

Utakuta maandishi ya aina tatu yamechanganyika. Ya kwanza ni ya chuma, kama STAINLESS STEEL BACK, yanayokuambia tu mfuniko umetengenezwa kwa nini. Ya pili ni namba ya modeli na namba ya utambulisho. Ya tatu ndiyo unayoitafuta: WATER RESISTANT, WATER RESIST au W.R., pamoja na namba inayofuata, kama ipo.

Namba hiyo huandikwa kwa njia tatu: 3 ATM, 3 BAR au 30 M. Zote zinasema jambo moja. ATM na BAR ni vipimo vya presha vinavyokaribiana sana, na presha ya bar 1 ni sawa na uzito wa maji yenye kina cha karibu mita 10. Kwa hiyo 5 BAR ni sawa na 50 M, na 10 ATM ni sawa na 100 M. Ukikuta mita, zigawe kwa 10 upate presha, kisha usahau mita zenyewe. Zimewaponza wengi.

Angalia pia uso wa saa, karibu na namba 6. Uso na mgongo vikitofautiana, shika namba ndogo. Mifuniko hubadilishwa kwa matengenezo, na saa bandia huandikwa chochote.

Onyo: Saa mpya iliyoandikwa WATERPROOF peke yake, bila namba, ichukulie kama haina kiwango chochote. Kanuni za kimataifa za saa haziruhusu neno hilo, kwa kuwa hakuna saa isiyopitisha maji kwa hali zote. Aliyelichonga ama hazijui kanuni hizo au hazimhusu.

Umefaulu ikiwa: una karatasi yenye namba moja ya presha, au umeandika wazi kwamba namba haipo.

## Hatua ya 2: Geuza namba kuwa kazi

Namba ikishapatikana, ifananishe na kazi ambazo watengenezaji wengi huziruhusu:

- WATER RESISTANT bila namba, au 3 ATM: kunawa mikono, jasho, manyunyu ya mvua. Basi.
- 5 ATM: kuogelea kwa kawaida kwenye bwawa, bila kuruka kutoka juu.
- 10 ATM: kuogelea baharini, kuruka majini, na kuzama kwa pumzi yako mwenyewe karibu na uso wa maji.
- 20 ATM: michezo yote ya majini isiyohitaji mtungi wa hewa.
- DIVER'S WATCH pamoja na mita, kwa mfano DIVER'S WATCH 200 M: kuzamia na mtungi wa hewa.

Kijitabu cha saa yako kina kauli ya mwisho, kwa sababu watengenezaji hawafanani. Wapo wanaoruhusu kuogelea kwa 5 ATM, na wapo wanaokataa mpaka ufike 10. Kijitabu kikiwa kikali kuliko orodha hii, fuata kijitabu; dhamana ya saa inasimama juu ya maneno yake.

Hilo la mwisho kwenye orodha lina uzito wake. Maandishi ya DIVER'S WATCH yanafuata kiwango cha ISO 6425, ambacho kinadai kila saa moja moja ipimwe kwa presha inayozidi ile iliyoandikwa kwa robo nzima, na hakikubali saa ya chini ya mita 100. Saa iliyoandikwa 200 M bila neno DIVER'S haikupitia njia hiyo, hata ikiwa na bezeli, yaani ile pete ya kioo, ya kuzunguka na sura yote ya saa ya mzamiaji.

Kwa saa janja, unaweza kukuta IPX4, IP67 au IP68 badala ya ATM. IPX4 ni maji ya kurushiwa tu. IP67 ni kuzamishwa kwenye mita 1 ya maji matulivu kwa dakika 30. IP68 ni kuzamishwa zaidi ya hapo, kwa kina na muda ambao mtengenezaji mwenyewe ameutaja. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoahidi kuogelea. Ukitaka kuogelea na saa janja, tafuta 5 ATM iliyoandikwa pamoja nazo.

## Kwa nini mita 30 si mita 30

Hapa ndipo watu hukwama, na maelezo yanayozunguka mitaani mara nyingi si sahihi. Utaambiwa kwamba mkono unapopiga maji, presha hupanda ghafla mpaka kupita ile iliyoandikwa. Tupige hesabu tuone.

Chukua mtu anayeogelea kwenye bwawa lenye kina cha mita 1.5. Hata saa ikifika chini kabisa, uzito wa maji unaleta presha ya bar 0.15. Mkono wake ukikata maji kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde, mwendo huo unaongeza karibu bar 0.045. Jumla haifiki bar 0.2, wakati saa imeandikwa 3. Akiruka kutoka kwenye ubao wa mita 3, anagusa maji akiwa na kasi ya karibu mita 7.7 kwa sekunde, na hiyo ni kama bar 0.3, ingawa kofi lenyewe la maji linaweza kuzidi hapo kwa kitambo kidogo sana. Bado ni mbali na 3.

Kwa hiyo mkono peke yake hauwezi kuvunja kiwango cha saa nzima na mpya. Kinachoharibu ni kwamba saa iliyo mkononi mwako si ile iliyopimwa.

Saa za kawaida hufuata kiwango cha ISO 22810. Katika kipimo chake kikuu, saa hutiwa kwenye presha iliyoandikwa na kuachwa humo dakika 10. Inakuwa imetulia tuli. Maji ni safi, hayana sabuni, chumvi wala klorini. Saa yenyewe ni mpya, mpira wake wa kuzibia ukiwa laini kama siku ulipowekwa. Isitoshe, kiwango hicho kinaruhusu kiwanda kupima baadhi tu ya saa za toleo moja. Yako inaweza kuwa haijawahi kuguswa na maji mpaka siku uliyoinunua.

Kuna kipimo kingine katika kanuni hiyo hiyo ambacho kinafichua udhaifu ulipo. Saa huzamishwa sentimita 10 tu, kisha kifundo cha pembeni, kile cha kurekebishia majira, husukumwa kwa ubavu kwa nguvu ya nyutoni 5, karibu uzito wa nusu kilo, kwa dakika 10. Nusu kilo ni kidogo. Kunja kiganja chako kwa nyuma uone jinsi mgongo wa mkono unavyokikandamiza kifundo: mwogeleaji hufanya hivyo kila anapojisukuma ukutani au kujiinua kutoka majini, na uzito anaouweka pale ni mkubwa kuliko huo.

Ndiyo maana mtengenezaji anaiita saa ya 3 ATM saa ya kustahimili maji ya kurushiwa. Tone la mvua hukaa juu ya ungio sekunde chache, halina kitu cha kulisukuma, na unalifuta. Kwenye kuogelea, ungio lile lile linazingirwa na maji kwa nusu saa bila kupumzika, huku kifundo kinasukumwa huku na huku. Ufa ambao tone haliwezi kuupita kwa sekunde tano, maji yanaupita polepole kwa dakika thelathini.

Saa za kiwango hiki pia hujengwa zikiwa na akiba ndogo. Kifundo chake huvutwa na kusukumwa tu, hakina nyuzi za kukifunga, na mara nyingi kinategemea duara moja la mpira. Mfuniko wa nyuma kwa kawaida ni wa kubonyeza, si wa kuzungusha. Kila kitu kikiwa sawa, inatosha. Kimoja kikilegea, hakuna cha pili cha kushika nafasi yake.

## Hatua ya 3: Kagua milango mitatu ya maji

Maji huingia kwa njia tatu: kifundo cha pembeni pamoja na vitufe, mfuniko wa nyuma, na ukingo wa kioo. Kila mahali pana gasketi, yaani duara la mpira au plastiki linalobanwa kati ya vyuma viwili.

Kifundo. Kisukume ndani mpaka mwisho. Kisha kiguse kwa ncha ya kidole na ukitikise juu na chini. Mchezo mdogo sana ni kawaida. Kikiyumba kwa kuonekana kwa macho, bomba kinamokaa limechakaa au mti wake, yaani kijiti chake kinachoingia ndani ya saa, umepinda, na gasketi haibani pande zote sawa. Kama kifundo ni cha kufunga kwa nyuzi, kifungue na ukifunge tena. Kinapaswa kushika nyuzi bila kulazimishwa na kukaa sambamba na mwili wa saa. Kikikwama nusu njia, usikilazimishe, nyuzi zimeruka.

Mfuniko wa nyuma. Zungusha saa chini ya lenzi ukiangalia mstari wa ungio. Unatakiwa uone ufa mwembamba wa upana mmoja kuzunguka mzingo wote. Upande mmoja ukiwa umenyanyuka, mfuniko haukubonyezwa sawasawa. Angalia pia alama za mikwaruzo karibu na sehemu ya kufungulia. Zikiwa nyingi, saa imefunguliwa na mtu asiye na kifaa.

Kioo. Tafuta ufa au kipande kilichomeguka ukingoni. Mkwaruzo wa katikati ni tatizo la sura tu, lakini kumeguka kwa ukubwa wa punje ya mchanga kwenye ukingo ni njia ya maji.

Umefaulu ikiwa: milango yote mitatu haina dosari inayoonekana. Hilo halithibitishi kwamba saa inaziba. Linathibitisha tu kwamba haina sababu ya wazi ya kukataliwa.

## Hatua ya 4: Uliza saa imefunguliwa lini na nani

Gasketi ya kifundo haifiki unene wa milimita moja. Ikiwa mpya ina umbo la duara ukiikata, na inaziba kwa sababu inajaribu kurudi kwenye umbo lake huku vyuma vimeibana. Ikikaa imebanwa kwa miaka, inazoea. Ukiitoa utaiona bapa, upande mmoja una mng'ao, na ukiivuta inakatika badala ya kunyumbuka. Kwa macho ya nje saa haijabadilika hata kidogo.

Jasho, manukato, dawa ya kufukuza mbu na mafuta ya kujikinga na jua huharakisha uzee huo. Sabuni ina ubaya wake wa pekee: hulegeza mvutano wa uso wa maji, na maji yaliyokuwa yanakatalia mdomoni mwa ufa yanapenya. Kuoga na saa ya 3 ATM kwa hiyo ni kubaya kuliko wengi wanavyofikiri, hasa kwa maji ya moto. Mvuke hupita mahali ambapo tone halipiti, na ukiingia ndani huganda kuwa maji kioo kinapopoa.

Halafu kuna betri. Kila mfuniko unapofunguliwa, gasketi huondoka mahali pake. Unywele mmoja ukilala juu yake wakati wa kufunga, umepata mfereji kutoka nje mpaka ndani. Gasketi ikijikunja ukingoni, mfuniko wa kubonyeza unaibana na kuikata. Ukienda kubadilisha betri, mwambie fundi mambo mawili: aweke gasketi mpya ya kipimo kile kile, na aipake utando mwembamba wa grisi ya silikoni. Akikujibu kwamba ya zamani bado nzima, lipa uondoke, lakini ihesabu saa hiyo kuwa haina kiwango.

Kanuni rahisi: gasketi zibadilishwe kila betri inapobadilishwa, au kila miaka miwili hadi mitatu, lolote litakalotangulia. Saa ambayo historia yake huijui, mfano uliyoinunua ikiwa imetumika, isomwe kama iliyoandikwa sifuri mpaka ipimwe.

## Hatua ya 5: Kipimo cha ukungu nyumbani

Kipimo hiki kinatazama jambo moja: je, tayari kuna unyevu ndani? Mafundi na viwanda hukitumia, na unaweza kukifanya mezani.

1. Jaza bakuli maji yenye joto la kati ya nyuzi 40 na 45 za Selsiasi. Pima, usikisie. Juu ya hapo unaitesa betri na gasketi.
2. Funika bakuli kwa kipande cha bati, ukifute kikauke, na uweke saa juu yake, mgongo chini. Saa isiguse maji wala mvuke.
3. Iache kati ya dakika 10 na 20, mpaka mwili wote wa saa uwe na uvuguvugu. Maji yakipoa, badilisha.
4. Dondosha tone moja la maji ya kawaida, nyuzi 18 hadi 25, katikati ya kioo kwa kijiko. Subiri dakika moja.
5. Futa tone kwa kitambaa kikavu na uangalie mara moja chini ya taa.

Sababu yake ni rahisi. Joto linageuza unyevu wa ndani kuwa mvuke, na tone linapoza doa moja la kioo. Mvuke ukiwepo, utaganda pale pale.

Umefaulu ikiwa: kioo kiko safi mahali tone lilipokuwa. Ukiona duara la ukungu upande wa ndani, ambalo halifutiki kwa kitambaa, maji yameshaingia na safari ya bwawani imeishia hapo.

Usivuke mpaka wa kipimo hiki. Kioo safi kinasema ndani ni kukavu leo. Hakisemi chochote kuhusu uwezo wa gasketi kuzuia maji kesho. Wengi hufaulu hapa, wakafurahi, wakaruka hatua inayofuata.

Na tafadhali, usijaribu saa kwa kuitumbukiza kwenye glasi ya maji. Ikivuja, jaribio lenyewe ndilo limeiua.

## Hatua ya 6: Kipimo cha presha kwa fundi

Fundi mwenye mashine atatumia njia moja kati ya mbili, nawe unapaswa kujua cha kuuliza.

Njia kavu ndiyo bora ya kuanzia. Saa huwekwa kwenye chemba, hewa hutolewa au kuongezwa, na sindano ndogo iliyogusa kioo hupima jinsi mwili wa saa unavyobonyea au kuvimba. Saa inayoziba hubaki na umbo hilo muda wote wa kipimo, kwa sababu hewa ya ndani haibadiliki. Inayovuja hurudi polepole kwenye umbo lake, kwa kuwa presha ya ndani na ya nje zinasawazishana. Hakuna tone linaloguswa.

Njia ya maji hutumika kutafuta mahali hasa panapovuja. Saa huning'inizwa juu ya maji ndani ya chemba, hewa hupandishwa presha kwa dakika kadhaa, kisha saa huzamishwa na presha kupunguzwa taratibu. Kama hewa iliingia ndani ya saa, sasa inatoka, na mfululizo wa vipovu unaonyesha mlango. Fundi mzoefu huitoa saa majini mara tu avionapo, kabla presha haijaisha, ili maji yasifuate njia ya hewa. Kipovu kimoja au viwili vilivyonasa chini ya bezeli si kitu. Mfululizo usiokatika ndio uvujaji.

Muulize presha aliyotumia na umwombe aiandike pamoja na tarehe. Saa unayoogelea nayo ipimwe kila mwaka, na kila baada ya kufunguliwa au kuanguka.

## Hatua ya 7: Amua

Tuchukue saa moja mpaka mwisho. Mgongoni: STAINLESS STEEL BACK, WATER RESIST, 3 BAR. Ina miaka minne, betri imebadilishwa mara moja, gasketi haikubadilishwa. Kifundo kinavutwa tu na kina mchezo kidogo. Kipimo cha ukungu kimetoka safi. Mwenyewe anataka kuogelea kwenye bwawa la mita 1.5.

Kwa presha peke yake, tuliona anahitaji chini ya bar 0.2. Lakini bar 3 zilizoandikwa ni za siku ya kwanza. Gasketi yake imebanwa miaka minne, imeshaguswa na kufungiwa tena, na kifundo kinachoyumba ndicho kitakachosukumwa na mgongo wa mkono. Jibu ni hapana.

Je, akibadilisha gasketi zote na saa ikapita kipimo cha bar 3? Itakuwa imerudi kuwa saa ya 3 BAR iliyo salama kwa mvua na kunawa. Kifundo chake bado ni kile kile cha kuvuta na kijitabu bado kinakataza. Hatapata 5 kwa ukarabati. Kwa kuogelea atafute saa iliyojengwa kwa 5 au 10. Mimi ningemwambia 10 bila kusita, kwa sababu ya ile akiba, kwani gasketi zitazeeka huko pia.

Lakini kama saa ileile ingeandikwa 10 BAR, ina kifundo cha nyuzi na imepita kipimo mwaka huu, asiwe na wasiwasi hata kidogo.

## Hatua ya 8: Ukiingia majini na saa inayofaa

Kabla ya kuingia, hakikisha kifundo kimesukumwa au kufungwa mpaka mwisho. Hili huponza hata saa za wazamiaji: mtu amerekebisha tarehe asubuhi akasahau kukifunga.

Usiguse kifundo wala vitufe ukiwa ndani ya maji, wala saa ikiwa bado imelowa, isipokuwa kijitabu kimeruhusu. Kitufe kinapobonyezwa, mti wake huingia ndani na filamu ya maji iliyoushika.

Usitoke kwenye jua kali moja kwa moja ukajitupa kwenye maji baridi. Hewa ndani ya saa ikipoa kutoka nyuzi 40 hadi 20, presha yake hushuka kwa karibu bar 0.06, na saa inaanza kunyonya kutoka nje. Gasketi nzima haijali. Iliyochoka hupitisha. Ivue ipoe kivulini dakika chache kwanza.

Usiielekezee mashine ya kuoshea gari, iwe saa ya kiwango gani. Mashine hizo hutoa maji kwa makumi ya bar, nyingi zinapita 100, na mkondo wake unalenga ungio moja kwa moja.

Ukitoka baharini au kwenye bwawa lenye klorini, suuza saa kwa maji safi ya kawaida, kifundo kikiwa kimefungwa, kisha ifute. Chumvi ikikaukia kwenye ungio hugeuka punje ngumu, na kila unapovuta kifundo zinasaga gasketi.

## Ukungu ukitokea

Ukungu mwembamba unaotokea ukiingia kwenye chumba chenye baridi na kutoweka ndani ya dakika moja au mbili unaweza kuwa unyevu uliokuwa ndani tangu kiwandani au tangu betri ilipobadilishwa. Uangalie siku chache. Ukirudi, mpelekee fundi.

Ukungu unaokaa, au tone linalotembea chini ya kioo, ni dharura. Futa nje, usibonyeze chochote, usivute kifundo. Usiianike juani wala kuipuliza kwa kikausha nywele: joto linageuza maji kuwa mvuke unaosambaa mpaka kwenye mashine, na linakausha gasketi zilizobaki. Wala usiizike kwenye mchele: hauna njia ya kunyonya maji yaliyo nyuma ya chuma kilichofungwa.

Ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo, afungue, atoe betri na kukausha. Maji matamu yanakupa siku moja au mbili kabla ya kutu kushika. Kwa maji ya bahari hesabu saa, si siku, na mwambie fundi wazi kwamba ni ya chumvi, maana atalazimika kuisafisha mashine yote badala ya kuikausha tu.